Lolipopu za kupikwa nyumbani: sukari hufika nyuzi 150 na namna ya kuishika bila kuungua

Lolipopu na peremende ngumu zinazouzwa kwenye vioski na karibu na malango ya shule zina viungo vichache: sukari, maji, glukosi, rangi na ladha. Mkazi anayejua kupika shira ya kaimati anafahamu tayari nusu ya kazi, kwa kuwa peremende ni shira ileile iliyoachwa motoni hadi karibu maji yote yatoke. Nusu iliyobaki ndiyo inayowashinda wengi, na ndiyo yenye hatari. Sukari iliyo tayari kuwa peremende ina joto la nyuzi 150 hivi za Selsiasi, ni nzito kama asali, na ikigusa ngozi hunata palepale.

Makala haya yanafuata sufuria moja ya lolipopu tangu sukari inapopimwa hadi peremende inapofungwa. Yanaeleza jinsi ya kutambua kwamba sukari imeiva, kwa nini kipimo cha vitabu hakifai bila marekebisho katika maeneo ya milimani, na la kufanya mtu akiungua.

Joto huonyesha maji yaliyobaki

Maji matupu yakichemka hayapandi joto tena, hata moto ukiongezwa. Shira ni tofauti. Kadiri maji yanavyotoka kama mvuke, sukari inazidi kuwa nyingi ndani ya kile kilichobaki, na joto la kuchemka linapanda. Kwa hiyo mpishi anayesoma kipimajoto anasoma, kwa njia nyingine, kiasi cha maji ambacho bado kimo ndani ya sufuria.

Katika eneo la usawa wa bahari kama Mombasa, shira yenye nyuzi 115 bado ina maji ya kutosha kiasi kwamba ikipozwa huwa laini na kufinyangika kwa vidole. Ikifika nyuzi 125 huwa donge gumu. Kati ya nyuzi 132 na 143 huvutika, hupinda kidogo kisha hukatika, na ikiliwa hunata kwenye meno. Ni kati ya nyuzi 149 na 154 tu ndipo maji yanapobaki kama sehemu moja au mbili kwa kila sehemu mia. Hapo ndipo sukari ikipoa huwa kama kioo: inang'aa, haipindi, na ikivunjwa hutoa mlio. Wapishi wa peremende huiita hatua ya mvunjiko mgumu. Ikipita nyuzi 160 huanza kuwa ya kahawia na kupata ladha ya sukari iliyoungua.

Kosa la kawaida ni kuondoa sufuria mapema kwa sababu shira inaonekana nzito. Lolipopu iliyoishia nyuzi 140 itaonekana sawa ikiwa mezani, lakini kesho yake itakuwa imelainika, imenata kwenye karatasi, na kijiti kitachomoka. Tatizo hilo haliondolewi kwa kuiacha ikauke, kwa sababu maji yaliyozidi yamo ndani yake tangu jikoni.

Milimani vipimo hubadilika

Mapishi mengi yaliyochapishwa yameandikwa kwa ajili ya mahali ambapo maji huchemka kwa nyuzi 100. Kadiri mtu anavyopanda juu kutoka usawa wa bahari, hewa hupungua uzito na maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Kisumu, iliyo kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, maji huchemka kwa nyuzi 96 hivi. Nairobi ni nyuzi 94 hivi, na Eldoret, iliyo juu ya mita 2,000, ni karibu 93.

Shira hufuata kanuni hiyohiyo. Mpishi wa Eldoret anayesubiri nyuzi 150 kama kitabu kinavyosema atakuwa amepitisha kiwango, na peremende zake zitakuwa na rangi ya njano na uchungu kidogo. Dawa yake ni rahisi. Kabla ya kupika, kipimajoto huwekwa ndani ya maji yanayochemka vizuri, ncha yake ikiwa haigusi kitako cha sufuria, kisha namba husomwa. Ikiwa ni 93, tofauti yake na 100 ni 7. Saba hizo hupunguzwa kwenye kila namba ya mapishi, kwa hiyo 150 inakuwa 143.

Jaribio hilo lina faida ya pili. Kipimajoto kilichoharibika, kinachosoma chini au juu kuliko ukweli, nacho hurekebishwa kwa hesabu hiyohiyo. Ni vyema kulirudia kila baada ya muda.

Kipimajoto kinachohitajika ni cha peremende au cha mafuta ya kukaangia, kinachofika nyuzi 200. Cha kupimia homa hakifai kabisa, kwa sababu huishia nyuzi 42 hivi na kitapasuka ndani ya shira.

Asiye na kipimajoto hutumia maji baridi, na njia hii haihitaji marekebisho ya mwinuko. Sufuria huondolewa motoni kwanza, la sivyo shira itaendelea kuiva wakati mpishi anapima. Matone machache hudondoshwa kwa kijiko cha chuma ndani ya kikombe cha maji baridi sana. Baada ya kuhesabu hadi kumi, vipande hutolewa majini na kuvunjwa kwa vidole. Vikipinda kabla ya kukatika, sufuria inarudi motoni. Vikivunjika mara moja kwa mlio, na kipande kikitafunwa bila kunata kwenye meno, sukari imeiva.

Kuandaa jiko kabla ya kuwasha moto

Shira iliyofika hatua hii haimsubiri mtu. Inaanza kuganda ndani ya dakika chache, na mpishi anayekimbia kutafuta vijiti huku ameshika sufuria ndiye anayeungua. Kila kitu hupangwa mezani kwanza: vijiti, trei ya chuma iliyotandikwa karatasi ya kuokea na kupakwa mafuta kidogo, au vikungu vya silikoni, pamoja na rangi na ladha zikiwa zimepimwa. Trei za plastiki za kugandishia barafu hazitumiki. Nyingi huyeyuka kabla ya nyuzi 150 au hupinda na kumwaga sukari.

Sufuria yenyewe inahitaji kufikiriwa. Sufuria za kawaida za majumbani hazina mkono, na hushikwa ukingoni kwa vitambaa viwili. Kwa ugali au wali hilo halina shida kubwa, lakini kumimina sukari ya nyuzi 150 kwa sufuria ya namna hiyo ni hatari, kwa kuwa vidole huwa karibu sana na ukingo. Inayofaa ni yenye mkono mrefu ulio imara na kitako kizito, na viungo visizidi theluthi moja ya kina chake, kwani povu hupanda sana. Kitambaa cha kushikia kiwe kinene na kikavu. Kitambaa chenye unyevu hupitisha joto upesi, na maji yake hugeuka mvuke unaochoma kiganja hadi mtu akaiachia sufuria.

Mpishi huvaa viatu vilivyofunika miguu, si ndara, na nguo ya mikono mirefu isiyoning'inia. Leso hufungwa vizuri. Kando ya jiko huwekwa beseni la maji safi ya baridi, si kwa ajili ya sukari bali kwa ajili ya mkono wa mtu.

Watoto wasiwepo jikoni. Jambo hili ni zito zaidi pale ambapo jiko la makaa huwekwa sakafuni, kwa sababu sufuria inakuwa kwenye kimo cha kifua cha mtoto mdogo. Kwa kazi hii jiko liwe juu ya meza au jukwaa lisilotikisika, na mkono wa sufuria uelekezwe ndani. Jiko la makaa lina shida nyingine pia: moto wake haupunguzwi haraka, na dakika za mwisho za peremende zinahitaji moto wa kupunguzwa. Gesi ni salama zaidi.

Sufuria moja, hatua kwa hatua

Kipimo hiki hutoa nusu kilo hivi, yaani lolipopu 35 za gramu 14. Hupimwa gramu 400 za sukari nyeupe, ambazo ni karibu vikombe viwili vya mililita 250, gramu 150 za glukosi ya maji, ambazo ni vijiko saba vya mezani, na mililita 120 za maji. Glukosi ya maji ni ile nzito kama asali inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya keki. Si ile ya unga ya kunywa.

Glukosi ina kazi maalumu. Sukari peke yake hupenda kurudi kuwa punje, na punje moja tu ikianza, nyingine huifuata hadi sufuria nzima inakuwa ya ukungu na mchanga. Chembe za glukosi ni za umbo tofauti, hivyo huzuia zile za sukari kujipanga. Asiyeipata hutumia kijiko kimoja cha chai cha maji ya ndimu, kinachotiwa mwanzoni. Asidi yake huvunja sehemu ya sukari na kufanya kazi hiyohiyo, ingawa peremende zake hunyonya unyevu haraka zaidi.

Sukari, glukosi na maji huchanganywa kwa mwiko juu ya moto wa wastani hadi punje zote ziyeyuke. Hapo mwiko hutolewa na haurudi tena. Shira ikianza kuchemka, sufuria hufunikwa kwa dakika mbili. Mvuke unaojikusanya huteremka kwenye kuta na kuosha punje zilizokwama, ambazo zingeweza kuanguka baadaye na kuharibu kazi yote. Kisha kifuniko hutolewa kwa kukiinua upande ulio mbali na uso, kipimajoto huwekwa, na shira huachwa bila kukorogwa.

Mwanzoni joto hupanda polepole, kwa sababu maji ni mengi, na mpishi anaweza kudhani kipimajoto kimekwama. Baada ya nyuzi 130 hupanda haraka. Povu kubwa jepesi hugeuka kuwa viputo vidogo vizito vinavyopasuka taratibu. Huo ndio wakati wa kupunguza moto na kutoondoka. Kwa jiko la gesi, kazi yote huchukua kati ya dakika 15 na 25.

Sufuria huondolewa nyuzi mbili kabla ya kiwango kilichokusudiwa, kwa kuwa chuma chenye joto huendelea kuipika shira. Huwekwa juu ya kitambaa kikavu au ubao hadi viputo vitulie kabisa, dakika moja au mbili.

Ndipo hutiwa matone matatu au manne ya rangi, kijiko kimoja cha chai cha ndimu ya unga, na nusu kijiko cha chai cha ladha. Ndimu ya unga ikitiwa mapema, ingevunja sukari nyingi mno na peremende zingenata. Hatua hii pia ndiyo inayorusha sukari. Rangi na ladha nyingi zina maji au pombe, na vyote hugeuka mvuke papo hapo vikigusa kitu chenye nyuzi 140. Kwa hiyo uso huwa mbali, matone hutiwa kidogo kidogo, na mchanganyiko hukorogwa kwa mwiko wa mbao taratibu. Ladha za mafuta, kama mafuta ya peremende au ya chungwa, hurusha kidogo zaidi na hazipotei upesi kwa joto.

Shira humiminwa kwa kimo cha chini karibu na trei, katika miviringo midogo, na kijiti huwekwa na kuzungushwa mara moja ili kifunikwe pande zote. Mtu mmoja humimina na mwingine huweka vijiti, kila mmoja upande wake wa meza. Sukari iliyobaki ikiwa ngumu, sufuria hurudishwa kwenye moto mdogo. Haikwanguliwi kwa kidole wala haiongezwi maji. Maji yakimwagwa kwenye sukari ya joto hilo hulipuka kuwa mvuke na kuirusha nje.

Baada ya dakika 15 hadi 20 lolipopu huwa zimepoa. Hufungwa papo hapo, kila moja kwa karatasi yake isiyopitisha unyevu, na kuwekwa ndani ya mkebe uliofungwa. Peremende huvuta unyevu kutoka hewani, na ikiachwa wazi usiku mmoja wa masika, hasa Pwani au kando ya Ziwa Viktoria, itaanza kutoa jasho hata kama ilipikwa vizuri. Sufuria ikishapoa hujazwa maji na kuchemshwa. Sukari yote huyeyuka yenyewe.

Kama kitu kimeharibika, peremende yenyewe husema. Ya ukungu na yenye punje ilikorogwa au ilidondokewa na punje za ukutani. Ya njano na chungu ilipita kiwango, na huenda mwinuko haukuzingatiwa. Inayonata siku hiyohiyo haikufika kiwango. Inayonata baada ya siku kadhaa ilifungwa vibaya.

Mtu akiungua

Maji ya moto huteremka kwenye ngozi na kupoa. Sukari hubaki ilipoangukia na kuendelea kutoa joto, hivyo tone dogo linaweza kuacha kidonda kirefu. Dakika za kwanza ndizo zinazoamua ukubwa wa jeraha.

Sehemu iliyoungua huwekwa mara moja chini ya maji safi ya bomba, yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, kwa dakika 20. Pasipo bomba, mkono hutumbukizwa kwenye beseni au humwagiwa maji kwa kikombe mfululizo. Sukari iliyonata haivutwi, kwa maana ngozi itatoka nayo. Maji huipoza kwanza, kisha huiyeyusha. Pete, bangili na saa huvuliwa kabla mkono haujavimba. Nguo iliyogandamana na ngozi huachwa. Aliyerukiwa kidoleni asikitie mdomoni, jambo ambalo wengi hulifanya bila kufikiri, kwa sababu ulimi nao utaungua.

Dawa ya meno, yai bichi, unga, siagi, asali na barafu havipakwi. Baadhi huzuia joto kutoka, baadhi huingiza uchafu kwenye kidonda, na barafu huidhuru ngozi zaidi. Malengelenge hayapasuliwi. Baada ya kupozwa, sehemu hiyo hufunikwa kwa kitambaa safi kisichokaza.

Aliyeungua apelekwe kituo cha afya ikiwa jeraha ni kubwa kuliko kiganja chake mwenyewe, liko usoni, kwenye mikono, miguu, viungo vya maungio au sehemu za siri, limekuwa jeupe au jeusi, au limetoa malengelenge. Mtoto aliyeungua na sukari apelekwe hata kama jeraha linaonekana dogo. Namba za dharura ni 999 na 112.

Kwa wanaotaka kuuza

Anayepika peremende kwa ajili ya kuuza ni mtayarishaji wa chakula. Anahitaji kibali cha biashara cha kaunti, ukaguzi wa mahali anapopikia, na cheti cha afya cha kila anayeshika chakula, ambacho hutolewa baada ya kupimwa na huhuishwa kila miezi sita. Peremende zinazofungwa na kuwekewa lebo ili zifike madukani huhitaji pia alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS. Rangi iwe ya chakula na ibaki kwenye chupa yake yenye lebo, ili mkaguzi aweze kuisoma.

Mnunuzi naye ana la kuzingatia. Peremende ngumu ya mviringo inaweza kuziba koo la mtoto mdogo, na haipewi aliye chini ya miaka minne. Wakubwa wake wanaopewa lolipopu hukaa chini wanapoila; mtoto anayekimbia na kijiti mdomoni akianguka huumia koo.

Maswali kuhusu ukaguzi na vyeti hupelekwa kwa afisa wa afya ya umma katika ofisi ya kaunti ndogo anakoishi mkazi. Ni vyema kumwona kabla ya kununua vifaa, kwa kuwa jiko lenye nafasi ndogo au lisilo na maji ya bomba huenda likahitaji kubadilishwa kwanza.